Laptopu ya kusomea nyaraka: achana na inchi, pima kimo cha kioo

Mwezi uliopita mdogo wangu aliniburuza Kariakoo kumsaidia kuchagua laptopu, yeye kazi yake ni kupitia mikataba kwenye ofisi ya wakili, yaani kuanzia asubuhi mpaka jioni ni PDF na Word, mkataba wa pango huu, hati ya mkopo ile, na laptopu aliyokuwa nayo ilikuwa inamchosha kidole kuliko macho, manake kila aya mbili lazima ashuke. Alikuja na wazo moja tu kichwani, "kaka nataka kioo kikubwa, inchi 15." Tukatoka na ya 14, na sio kwa sababu ya bei. Naandika hapa tulivyofanya, hatua kwa hatua, ili na wewe ukienda dukani usiishie kuuziwa inchi.

Hatua ya 1: jua inchi inapima nini

Inchi za laptopu zinapimwa kwa mshazari, kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu ya upande wa pili. Sasa hapo ndo pana mtego, kwa sababu vioo viwili vinaweza kuwa na mshazari uleule lakini kimoja kimelala kama ubao wa tangazo na kingine kimesimama kidogo. Ukisoma nyaraka unachohitaji sana ni kimo, yaani kutoka chini ya kioo kwenda juu, maana karatasi imesimama, na maandishi yanashuka kwenda chini.

Maumbo utakayokutana nayo madukani ni matatu hasa. Kuna 16:9, hili ndo pana, umbo la televisheni, laptopu karibu zote za miaka ya 2010 ziko hivi. Kuna 16:10, refu kidogo kwenda juu. Na kuna 3:2, linalosimama zaidi, hili utalikuta kwenye Surface na baadhi ya MateBook na mashine nyingine chache. Halafu lipo la nne la zamani, 4:3, lililokaribia mraba, hilo nitalirudia baadaye kwa sababu kila nikisema neno "kimo" kuna mzee mmoja ananikumbusha ThinkPad yake.

Kupata kimo bila rula zidisha inchi za mshazari kwa namba ya umbo, jibu linakuja kwa sentimita:

```
16:9   inchi x 1.25
16:10  inchi x 1.35
3:2    inchi x 1.41
4:3    inchi x 1.52
```

Chukua simu ufanye hesabu. Inchi 14 ya 16:9 inakupa kimo cha sm 17.5 hivi. Inchi 14 ya 16:10 inakupa 18.9. Inchi 13.5 ya 3:2 inakupa 19. Na ile 15.6 pana aliyokuwa anaitaka mdogo wangu inatoa 19.5. Umeona? Kioo cha 13.5 kimeachwa nusu sentimita tu na kioo cha 15.6, wakati kwa upana kimeachwa sentimita sita nzima. Kwa hiyo ukinunua 15.6 pana kwa ajili ya kusoma, sehemu kubwa ya ulichoongezewa iko pembeni, ambako ukurasa wa Word unakaa na weupe mtupu kushoto na kulia. Sisemi 15.6 ni mbaya, kimo inacho, ila unabeba plastiki na kioo cha pembeni kila siku kwenye daladala, na nyingi zina kile kibodi cha namba upande wa kulia kinachosukuma mikono yako kushoto kwa hiyo unaandika umekaa upande. Mhasibu atakipenda kibodi hicho. Mtu wa mikataba hana kazi nacho.

Hatua ya 2: toa vinavyokula kimo

Hapa ndo penye siri yenyewe na wauzaji hawaizungumzii. Kimo chote cha kioo sio chako. Fungua Word kwenye Windows halafu uangalie, juu kabisa kuna mstari wa jina la faili, chini yake majina ya menyu, chini yake ule utepe mnene wa vitufe, halafu rula, na chini kabisa kuna mstari wa kuonyesha kurasa, na chini yake tena ile baa ya Windows yenye kitufe cha kuanzia na saa. Vyote hivyo vimelala, vinakula kimo, na havipungui eti kwa sababu kioo chako ni kifupi.

Kwenye 14 ya 16:9 yenye pikseli 1920 x 1080, ikiwa imewekwa Scale, yaani ukuzaji wa menyu na herufi, ya 150% kama nyingi zinavyokuja, hivyo vitu vinachukua kama sentimita 6. Kati ya 17.5 unabaki na 11 na kitu za kusomea. Ukihamia 14 ya 16:10 vitu vilevile vinachukua sentimita 6 zilezile, unabaki karibu 13. Sasa ona, kioo chenyewe kimeongezeka kimo kwa kama asilimia 8 tu, lakini nafasi ya kusomea imeongezeka kama asilimia 12, kwa sababu nyongeza yote imeingia kwenye maandishi. Ndo maana mtu akihama kutoka 16:9 kwenda 16:10 anahisi tofauti kubwa kuliko namba zinavyosema, sio kwamba anajifariji kwa hela aliyotoa.

Hatua ya 3: nenda dukani na karatasi moja ya A4

Hii hatua ndo nataka uishike kuliko zote. Chapa ukurasa mmoja wa nyaraka unayoifanyia kazi kweli, sio ya mtu mwingine, halafu weka faili lake kwenye flashi. Ukifika dukani mwambie muuzaji akuwashie mashine, fungua faili kwenye Word, kisha shikilia karatasi yako mbele ya kioo na ukuze au upunguze ukurasa mpaka upana wa ukurasa kwenye kioo ulingane na upana wa karatasi, sentimita 21. Usiamini 100% iliyoandikwa pale chini, mara nyingi hailingani na karatasi halisi. Vikishalingana, sogeza ukurasa hadi mstari wa kwanza uwe juu kabisa, weka karatasi juu ya kioo mstari kwa mstari, halafu angalia kioo kinaishia kwenye mstari gani wa karatasi. Kunja karatasi pale. Mkunjo huo ndo kipimo chako. Unaenda mashine ya pili, unakunja tena, unaandika jina pembeni ya mkunjo kwa kalamu.

Tulikuwa na mashine tatu mezani, 14 pana, 14 ya 16:10, na 13.5 ya 3:2. Tukaanza na ile pana na mkunjo ukaangukia chini sana, kama sentimita 13 na ushee kutoka mstari wa kwanza. Nikashangaa. Tukaja kwenye 16:10, mkunjo ukaangukia juu kidogo ya ule wa kwanza! Yaani kioo kirefu kinaonyesha kidogo kuliko kioo kifupi, haiwezekani. Muuzaji akacheka akasema "si nilikwambia boss, hizi zote sawa tu, chukua hii ya bei nafuu."

Tatizo lilikuwa Scale. Ile pana mtu alikuwa ameiweka 100%, kwa hiyo menyu na vitufe vyote vilikuwa vidogo kama sisimizi na vilikuwa vinakula kama sentimita 4 tu, wakati ile ya 16:10 ilikuwa 150%. Kwenye laptopu ya inchi 14 hakuna mtu anayefanya kazi masaa nane na menyu za 100%, mdogo wangu mwenyewe alipojaribu kusoma jina la menyu alikuwa anasogeza pua kwenye kioo. Tukaenda `Settings > System > Display`, tukaweka zote 150%, tukaanza upya kwa karatasi nyingine (nilikuwa nimechapa mbili, sijui nilijuaje). Sasa mikunjo ikaeleweka, ile pana ikashuka mpaka 11 na kidogo, 16:10 ikabaki kwenye 13 kasoro.

Na 3:2? Kwa 150% ilifika sentimita 14, tukafurahi, halafu nikaangalia menyu tena nikakuta ni ndogo kuliko za zile mbili, kwa sababu kioo chake kina pikseli nyingi zaidi kwenye eneo dogo, 2256 x 1504. Asilimia ileile kwenye vioo vyenye pikseli tofauti haitoi ukubwa uleule. Tulipopandisha mpaka 175% ambako yeye aliona menyu zinasomeka, ikarudi 13 na nusu hivi. Kwa hiyo sheria ya dukani ni hii, usilinganishe asilimia, linganisha herufi za menyu kwa jicho, ziwe na ukubwa unaokufaa kwenye kila mashine, ndo ukunje karatasi.

Mkishafika hapo utaona kitu ambacho mimi sikukitegemea. Kati ya 16:9 na 16:10 kuna kama sentimita moja na nusu ya maandishi kwenye karatasi. Kati ya 16:10 ya inchi 14 na 3:2 ya inchi 13.5 kuna mstari mmoja, mmoja na nusu. Watu mtandaoni wanaisifia 3:2 kama dawa, na kweli ni umbo zuri, lakini sifa nyingi zinatoka kwa watu walioilinganisha na kioo kipana cha inchi 13.3, ambacho kimo chake hakifiki hata 17. Ukiilinganisha na 16:10 iliyoizidi nusu inchi pengo linakuwa dogo sana.

Hatua ya 4: jaribu kurasa mbili pembeni kwa pembeni

Kusoma ukurasa mmoja mmoja ni kazi moja. Kusoma PDF upande huu huku unaandika Word upande ule ni kazi nyingine, na hapo upana unarudi kuwa na maana. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto, faili linaganda nusu ya kioo, la pili unaliweka nusu iliyobaki.

Kwenye 14 pana kila nusu ina sentimita 15.5. Kwenye 16:10 ni 15. Kwenye 13.5 ya 3:2 ni 14 na robo. Ukurasa wa A4 mzima ukibanwa kwenye 15.5 unakuwa kama robo tatu ya ukubwa wake, kwa hiyo herufi za pointi 12 unaziona kama za 9. Kwenye 3:2 zinashuka mpaka 8. Mdogo wangu alivumilia za 9, za 8 akasema hapana. Mimi ninayevaa miwani nimekataa zote mbili.

Lakini kabla hujakataa jaribu kitu kimoja, kwenye Adobe Reader bonyeza Ctrl+3. Hiyo inakata zile pambizo nyeupe na kujaza nusu ya kioo kwa maandishi matupu. A4 yenye pambizo za sentimita 2.5 ina maandishi ya upana wa 16 tu, kwa hiyo kwenye 15.5 au 15 unarudi karibu na ukubwa halisi wa karatasi. Hii inafanya kazi kwa PDF iliyotengenezwa kwenye kompyuta. Ile iliyoskaniwa mara nyingi haifanyi, kwa sababu ukurasa mzima kwake ni picha moja, pambizo na vumbi la mashine ya kuskani vyote ni maandishi tu kwa jinsi inavyoona. Na mikataba ya huku nyingi ni za kuskani, zenye mihuri na saini juu ya saini. Basi kama kazi yako ni kusoma zilizoskaniwa na kuandika pembeni, upana usiudharau.

Ukiwa mtu wa majedwali ya Excel yenye safu nyingi kwenda kulia, achana na stori yangu yote ya kimo, chukua pana.

Hatua ya 5: je, unasoma kioo kikiwa kimesimama?

Hii ni kwa wanaonunua zile zinazogeuka au kung'oka kibodi zikawa tableti. Hapa umbo linaamua kila kitu. Karatasi ya A4 urefu wake ni mara 1.41 ya upana. Umbo la 4:3 ni 1.33, la 3:2 ni 1.5, kwa hiyo A4 imekaa katikati yao na inaingia vizuri kwenye yote mawili. Kioo cha 13.5 cha 3:2 ukikisimamisha kina upana wa 19 na kimo cha 28.5, ukurasa mzima unaingia ukiwa asilimia 90 ya karatasi yenyewe, hiyo ni kama kushika karatasi mkononi. Kioo kipana cha 14 ukikisimamisha kinakuwa kama mlango, upana 17.4 na kimo 31, ukurasa unabanwa hadi asilimia 83 na juu na chini panabaki sentimita sita za bure. Halafu kinaelemea, ukikishika kwa mkono mmoja kinataka kuangukia mbele.

Kwa hiyo kama unasoma vitabu na majarida kitandani au kwenye kiti, na kalamu unaandika pembeni ya ukurasa, hapo 3:2 inastahili sifa zake zote na mi sina ubishi. Surface Pro zimekuwa na umbo hili tangu ile ya 3 ya mwaka 2014.

Na wale wa mraba. Laptopu za 4:3 zilikuwa za kawaida mpaka katikati ya miaka ya 2000, na yule mzee na ThinkPad yake ya T60 ya inchi 14.1 ana haki ya kujisifu, kioo chake kina kimo cha sentimita 21 na nusu, kinaizidi 15.6 ya leo kwa sentimita mbili. Lakini pikseli zake kwenye nyingi ni 1024 x 768, mwanga umefifia kwa uzee, na Windows 11 haiwezi. Usiende kuitafuta. Ukitaka umbo la karibu na mraba kwa ofisini tafuta kioo cha mezani cha kuchomeka kwenye laptopu, LG wana mmoja unaitwa DualUp, inchi 27.6, umbo lake ni 16:18, yaani kimesimama kidogo. Kwa hesabu upana wake ni karibu sentimita 47 na kimo 52, kurasa mbili za A4 zinakaa pembeni kwa pembeni kwa ukubwa wao kamili na chini panabaki nafasi. Ukiwa na hicho mezani, umbo la laptopu yenyewe halina uzito tena, nunua nyepesi yoyote.

Hatua ya 6: hakikisha umbo kabla hujatoa hela

Kwenye mashine zilizotumika jina la nje linadanganya. Toleo moja na linalofuata yanafanana kama mapacha lakini kioo kimebadilika. ThinkPad T14 Gen 1 na Gen 2 ni 16:9, kuanzia Gen 3 ya mwaka 2022 ndo 16:10. HP EliteBook 840 G8 ni 16:9, G9 ni 16:10. X1 Carbon ilihama mwaka 2021 na Gen 9. Dell XPS 13 ilihama 2020. MacBook Air ya inchi 13 yenyewe haikuwahi kuingia kwenye 16:9. Kwa hiyo ukisikia "hii ni T14 dada, mashine ya kazi", swali la pili ni Gen ngapi, na usikubali jibu la mdomo, geuza mashine usome kibandiko chini.

Kuna njia ya haraka zaidi ya kibandiko. Angalia rezolusheni kwenye `Settings > System > Display` halafu gawanya namba kubwa kwa ndogo. 1920 kwa 1080 inatoa 1.78, hiyo ni 16:9. 1920 kwa 1200 inatoa 1.6, ndo 16:10. 2256 kwa 1504 inatoa 1.5, ndo 3:2. Hakikisha pembeni ya namba pameandikwa Recommended, maana ikiwekwa rezolusheni nyingine picha inavutwa na duara linakuwa yai, na namba unayogawanya sio ya kioo.

Ukitaka sentimita zenyewe bila kupima, fungua PowerShell uandike hii:

```
Get-CimInstance -Namespace root\wmi -ClassName WmiMonitorBasicDisplayParams |
  Select MaxHorizontalImageSize, MaxVerticalImageSize
```

Namba ya kwanza ni upana na ya pili ni kimo, kwa sentimita nzima nzima. Ikikuletea 31 na 17 unajua uko na 14 pana hata kama kibandiko kimebanduliwa.

Na uulize spea. Vioo vya inchi 14 vya 16:9 vya 1920 x 1080 vinaingiliana kwenye mashine nyingi, fundi anaweza kukutolea kimoja kwenye droo. Vya 3:2 ni vya mashine husika, kikipasuka unaweza kusubiri kiagizwe, na kwenye baadhi ya mashine kimegundishwa na kioo cha kugusa kwa hiyo vinabadilishwa pamoja. Na usije ukadanganywa na mtu kwamba atakufungia kioo cha 16:10 kwenye mfuniko wa 16:9, fremu haikubali.

Mdogo wangu alichukua 14 ya 16:10. Mstari mmoja na nusu wa 3:2 haukumtosha kuacha zile herufi za 9 kwenye kurasa mbili, na spea ilimaliza ubishi.

Kama tayari unayo pana na hela ya nyingine huna

Rudisha kimo kilicholiwa. Kwenye Word bonyeza Ctrl+F1, ule utepe wa vitufe unajikunja na unapata sentimita mbili na zaidi papo hapo, ukiuhitaji unabonyeza tena. Baa ya chini ifiche, `Settings > Personalization > Taskbar > Taskbar behaviors`, weka tiki kwenye Automatically hide the taskbar, hapo umepata sentimita nyingine. Ukijumlisha hizo mbili 14 pana inakupa 14 na zaidi za kusomea, umeshazipita 16:10 na 3:2 za dukani ambazo hazijaguswa. Bila shaka mwenye 16:10 naye anaweza kufanya hivyohivyo akakuacha tena, lakini wewe hujatoa hata senti.

Kwenye Windows 10 unaweza hata kuikokota baa ile ukaiweka ubavuni, ambako pana nafasi ya bure, Windows 11 ilipotoka 2021 waliiondoa hiyo na sijui ilikuwa imemkosea nani. Kwenye brauza ya Edge unaweza kuhamisha orodha ya kurasa ulizofungua ikakaa kushoto badala ya juu, na F11 inaficha kila kitu ukabaki na ukurasa mtupu. Kwenye Adobe Reader ni Ctrl+L, kutoka unabonyeza Esc. Ukizoea hiyo utasoma mkataba mzima bila kuona saa, na kwenye ofisi nyingine hilo nalo ni tatizo, mdogo wangu keshachelewa basi la mwisho mara mbili.